Malalamiko ya Mkono wa Mama

Mimi, Imelda, ni mtu wa kuwaka. Wenzangu sokoni Lushoto wanajua: ukinigusia bei ya karoti zangu vibaya, unaondoka na maneno ya kutosha wiki nzima. Ndiyo maana asubuhi niliyokwenda hospitali kulalamika, mume wangu Jofrey alinishika bega mlangoni. "Mke wangu, sema yaliyotokea tu. Ukigombana nao, watazungumzia ugomvi, mkono wa mama watausahau."

Mama yangu, Rahabu, aliteleza kwenye shamba lake la chai kule Mponde akaangukia mkono wa kulia. Mkono huo ndio unaochuma chai, na chai ndiyo inayomlisha. Nilimfikisha hospitali jana yake asubuhi. Akapigwa picha ya eksirei kabla ya mchana, akalazwa, kisha kimya. Sasa vidole vilikuwa vimevimba na ganzi imeanza kuingia.

Nikaenda kwa afisa ustawi wa jamii, kijana mmoja mpole anayeitwa Yassir. Akanisikiliza, akaandika, kisha akanipeleka kwa mganga mfawidhi, Daktari Edgar. Moyoni nilikuwa nachemka, ila sauti ilitoka tulivu hata mwenyewe nikaishangaa.

"Daktari, mama yangu amelazwa tangu jana. Picha ilipigwa, hakuna daktari aliyetueleza ilionyesha nini. Amepewa dawa ya maumivu tu. Leo vidole vimevimba na anasema vina ganzi. Naomba aonwe sasa hivi, na niambiwe kwa nini imechelewa."

"Ganzi?" Daktari akasimama pale pale. "Twende wodini."

Kule sista wa zamu, Jenipher, akafungua faili akasoma bila wasiwasi: mgonjwa anaendelea vizuri, hana maumivu. Jioni, usiku, asubuhi, maneno yale yale.

"Tulimuuliza kila tulipopita," akasema.

"Mlimuuliza nini?" nikasema.

"Bibi, hujambo? Unaendeleaje?"

Nikamtazama mama kitandani, nikaelewa, nikataka kucheka na kulia kwa pamoja. Mama yangu hata nyumba ikimwangukia, ukimsalimia atajibu kwanza salamu.

Daktari akainama. "Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Unaendeleaje?"

"Vizuri tu, namshukuru Mungu. Nyie hamjambo? Kazi zinaendaje?"

Nilikaribia kulipuka. Jasho lilikuwa limemtoka mama kwenye paji la uso, na mkono umemjaa kama mkate uliowekwa hamira! Lakini nikauma ulimi.

"Bibi naye," Sista Jenipher akanong'ona, "mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Hapana, sista," Daktari akasema, taratibu kabisa. "Mama ameitikia salamu, kama alivyofundishwa. Aliyevunjika mfupa hatuhitaji atuthibitishie, tuna picha. Iko wapi?"

Ilikuwa bado kwenye chumba cha eksirei. Kila mtu alidhani mwenzake ameipeleka kwa daktari, na kwa kuwa mgonjwa hajambo, hakuna aliyeifuata. Sista Jenipher akainamisha kichwa. Nilimhurumia kidogo, kidogo tu.

Picha ikaletwa, Daktari akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Mifupa miwili karibu na kifundo cha mkono imevunjika, vipande vimeachana. Akabonyeza vidole vya mama kimoja kimoja, akatazama rangi inavyorudi. "Damu inafika, lakini taratibu. Tuunyooshe sasa hivi, tusingoje zaidi." Akageuka kwangu. "Kosa ni letu, mama. Malalamiko yako yatabaki kwa Yassir, na nitayajadili na wahusika wote."

Wakampeleka kwenye chumba cha upasuaji mdogo. Nikakaa kwenye benchi la nje na Yassir, aliyeniletea chai ya rangi bila kuombwa. Sikuweza kunywa. Nilikuwa nawaza vichaka vya Mponde vikiota majani yasiyo na mchumaji, na mama akikaa kwangu mjini kama mgeni mpaka kufa.

Waliponiita ndani, mkono ulikuwa kwenye plasta iliyoachwa wazi upande mmoja ili uvimbe upate nafasi. Mama alikuwa ameshaamka, macho mazito bado.

"Mama, kunja vidole," Daktari akasema.

Kidole kidogo cha mwisho kikajikunja. Kikafuata cha pili, cha tatu, cha nne. Kidole gumba kikajivuta kwa uvivu, kisha nacho kikaja.

"Vizuri sana! Inauma?"

Mama akanitazama, akamtazama daktari, akamtazama sista.

"Inauma, mwanangu," akasema. "Jana iliuma mpaka nikamwomba Mungu anichukue."

Ule utulivu wangu wote ukaniishia hapo hapo. Nikalia kwa sauti mbele ya watu wazima, na Sista Jenipher ndiye aliyenishika.