Alama Moja ya Swali la Dripu

Walibaki watatu tu katika chumba cha mikutano cha chuo cha uuguzi, na kijitabu kimoja cha majibu katikati ya meza. Vingine vyote vilikwishapangwa kwenye makasha. Hicho kimoja kilikuwa kimewakalia kooni tangu chai ya jioni.

Sista, muuguzi wa wodi aliyegeukia ualimu, alikuwa amekipa arobaini na tisa. Mfamasia, aliyekisahihisha kwanza, alikuwa amekipa hamsini. Kufaulu ni hamsini. Kwa kawaida alama za wasahihishaji wawili zikipishana kidogo huchukuliwa wastani, mambo yakaisha. Lakini zikiwa upande huu na ule wa mstari wa kufaulu, hakuna wastani. Wanaketi mbele ya mwenyekiti wa jopo, wanatetea alama zao moja baada ya nyingine, mpaka wapatane.

"Tumekubaliana kila mahali isipokuwa swali la nne," alisema mwenyekiti, mama mtu mzima aliyekuwa amevua viatu chini ya meza akidhani hawaoni. "Haya, Mfamasia."

"Kanuni kaiandika sawa, alama moja. Saa kazigeuza dakika, alama moja. Hapo Sista naye kampa. Kakosea ujazo, sawa, namnyima alama ya kuingiza tarakimu na alama ya jibu. Lakini kwa ujazo alioutumia, hesabu yake haina doa. Mwongozo unasema kosa la mwanzo lisiadhibiwe mara mbili. Alama ya hesabu ni haki yake."

"Mwongozo unasema hivyo kwa anayekosea kunakili," Sista alijibu. "Huyu hakukosea kunakili. Katoa tarakimu hewani. Kesho huyo huyo anafungulia mgonjwa dripu kwa tarakimu ya hewani?"

"Sista, tunapima karatasi. Mgonjwa hayupo humu."

"Kaka yangu, mgonjwa yupo humu siku zote."

Mwenyekiti akacheka kidogo. Mfamasia hakucheka. Alikuwa anamtazama Sista kwa namna ambayo Sista hakuipenda, kama mtu anayesubiri mwenzake ajikwae. Ni mtu wa utani siku zote, mwenye kuwaita wanafunzi "madaktari wangu wa kesho", lakini usiku huo alikuwa mkavu kama chaki. Mara mbili alikuwa ametoka kupokea simu, na mara zote mbili alifunga mlango nyuma yake.

Sista akakivuta kijitabu ajionee upya. Swali liliuliza matone mangapi kwa dakika yatahitajika ili mililita mia tisa ziishe kwa saa sita, kwa seti ya dripu inayotoa matone ishirini kwa kila mililita. Jibu ni hamsini. Mtahiniwa, ambaye kwao alikuwa namba tu, alikuwa ameandika kwa mwandiko uliosimama wima: mililita mia saba na ishirini, mara ishirini, gawanya kwa mia tatu na sitini. Matone arobaini.

Mia saba na ishirini.

Tarakimu ile aliijua. Ilikuwa kwenye rasimu ya mtihani huu. Mfamasia ndiye aliyetunga swali, yeye Sista akalihakiki, kisha mwenyekiti akasema mia saba na ishirini inafanana mno na ya mwaka uliopita, waibadilishe iwe mia tisa. Ukurasa ule ukachapwa upya. Kwa alivyojua yeye, tarakimu ya zamani waliiona watu watatu, na wote walikuwa wamekaa kwenye meza hii.

Yeye hakumwonyesha mtu. Mwenyekiti ndiye aliyeamuru ibadilishwe, basi kama angevujisha, angevujisha ile mpya. Akabaki nani? Akakumbuka kwamba Mfamasia ana mpwa, mtoto wa dada yake, anayefanya mtihani mwaka huu. Akakumbuka simu. Akamwangalia jinsi anavyoing'ang'ania ile alama moja kana kwamba ni ya kwake.

"Mwenyekiti," alisema taratibu, "mimi alama sibishani tena. Nauliza mtoto huyu kaipata wapi mia saba na ishirini."

"Hatimaye," Mfamasia alisema. "Nilikuwa najiuliza utalisema saa ngapi."

"Una maana gani?"

"Hiyo mia saba na ishirini niliiona tangu juzi. Nikaweka hamsini makusudi, nijue wewe utafanya nini. Ukakaa kimya, ukataka tu aangushwe, karatasi irudi kashani. Mtu anayetaka kufukia jambo angefanya hivyo hivyo."

"Mimi?" Damu ilimpanda Sista mpaka masikioni. "Mwenye mpwa humu ndani ni mimi?"

"Mpwa wangu nilimtaja kwa maandishi kabla sijashika kalamu!"

"Ni kweli," mwenyekiti alisema. "Yuko ukumbi wa pili, na Mfamasia hajapewa hata karatasi moja ya ukumbi huo. Hiki ni cha ukumbi wa kwanza. Na nyie wawili, shusheni sauti, mlinzi atadhani tunapigana."

Akavaa viatu, akaenda kwenye kabati la chuma. Kila ukumbi ulirudisha karatasi za maswali zilizobaki katika bahasha iliyofungwa kwa lakiri. Akaitoa ya ukumbi wa kwanza, akawaonyesha kwamba lakiri haijaguswa, akaikata mbele yao. Akamwaga karatasi mezani.

"Ukurasa wa tatu. Kila mtu achukue fungu lake."

Sista alifunua ya kwanza: mia tisa. Ya pili: mia tisa. Alijua ndani ya nafsi yake kwamba sehemu fulani yake inatamani zote ziwe mia tisa, ili awe sahihi kuhusu Mfamasia.

"Hii hapa," Mfamasia akasema.

Akaisukuma. Swali la nne, wino safi kabisa: mililita mia saba na ishirini. Kwenye fungu la Sista ikatokea nyingine. Kurasa za zamani hazikuharibiwa zote, na wakati wa kubana karatasi zilichanganyika na mpya. Mtahiniwa alikuwa amejibu barabara swali aliloletewa.

"Alama zote tano," mwenyekiti aliandika kwenye muhtasari. "Hamsini na mbili. Kafaulu. Sasa tufungue makasha ya kumbi zote na bahasha zake. Kila aliyeandika mia saba na ishirini, swali la nne linasahihishwa upya."

Walikaa chini kwenye sakafu, makasha wazi mbele yao. Walipata wengine kadhaa wa aina hiyo, na kuhusu mmoja wao wasahihishaji walikuwa wameafikiana wote wawili, bila kubishana hata neno moja, kwamba kaanguka. Sista alikishika kijitabu hicho muda mrefu kabla hajakipitisha.

"Nilidhani ni wewe," alisema bila kuinua kichwa.

"Najua. Nami nilidhani ni wewe."

"Na zile simu?"

"Mama hajisikii vizuri. Dada alikuwa anapiga."

"Pole, kaka."

"Ahsante."

Waliendelea kufanya kazi pamoja, na watu waliwasifu kwa jinsi alama zao zinavyokaribiana. Ila muhula uliofuata Mfamasia alipomletea rasimu mpya aihakiki, alimwekea na karatasi ndogo ya kutia sahihi kwamba ameipokea. Sista akatia sahihi. Kisha akaandika saa chini yake, akamwomba naye atie sahihi yake.