Pingamizi Dhidi ya Nambari 118

Wangui alikuwa na hasira tangu Aprili, na hasira ya miezi miwili si ya kupanda na kushuka. Hukaa tumboni ikachacha kama maziwa yaliyosahauliwa mtungini.

Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amepeleka maziwa kwenye Ushirika wa Tarakwet, nje kidogo ya Molo, kwa nambari 118. Watu wa huko huitana kwa nambari. Mkikutana sokoni kwenye magunia ya viazi, mwenzako hakuulizi habari za nyumbani kwanza. Anakuuliza, "118, yule mtamba amezaa?" Nambari yako ikifutwa, umefutwa wewe.

Na ya Wangui ilifutwa. Mwezi wa Machi alisimama kwenye kikao cha wakulima akauliza swali moja tu: mbona kiwanja cha ushirika, pamoja na mtambo wa kupozea maziwa, kinakodishwa kwa kampuni ya shemeji yake mwenyekiti kwa miaka thelathini? Mwenyekiti Jamleck alicheka kile kicheko chake cha harusini, akasema jibu litapatikana kwenye mkutano mkuu wa mwaka, ambapo wanachama watapiga kura. Wiki tatu baadaye karani Micah alimrudishia Wangui mtungi wake getini bila hata kufungua kifuniko.

"Mathe, jina lako halipo kwa register," alisema huku akitazama viatu vyake.

"Micah, wewe si ndiye umekuwa ukinipimia maziwa hapa kila asubuhi?"

"Si mimi, mathe. Ni ofisi."

Ofisi! Kama kwamba ofisi ina mikono ya kushika kalamu na kupiga mstari juu ya jina la mtu.

Ndipo akaenda kwa wakili Owuor, mwenye chumba kimoja juu ya duka la dawa za mifugo. Mkutano mkuu ulikuwa umeitishwa Ijumaa ya katikati ya Juni, na Owuor hakutaka kupoteza hata siku moja. Alifungua kesi kwenye mahakama iliyokuwa karibu, palepale Molo, na hakimu akatoa amri ya muda: mkutano usifanyike mpaka pande zote zisikizwe Jumatano, siku mbili kabla ya Ijumaa hiyo. Wangui alirudi nyumbani siku hiyo akala ugali wote.

Utamu ule haukudumu. Kwanza kilikuja kiapo cha Jamleck. Katika aya ya nne, mwenyekiti aliapa kwamba Wangui hajawahi kuwa mwanachama wa Tarakwet hata siku moja, ni jirani tu aliyekuwa akileta maziwa ya ziada. Jamleck huyohuyo aliyekula kuku nyumbani kwa Wangui siku binti yake Shiru alipokuwa akiposwa! Wangui aliisoma aya hiyo mara tatu, kisha akatoka akapasua kuni ambazo hazikuhitajika na mtu.

Halafu, Jumanne jioni, ikaja karatasi ya pili. Pingamizi la awali. Wakili wa ushirika, Bwana Kosgei, alisema mahakama ya Molo haina mamlaka ya kusikiza kesi hii hata kidogo. Sheria ya vyama vya ushirika, alisema, imeweka jopo maalumu la kusikiza mizozo kati ya wanachama na vyama vyao. Jopo hilo makao yake ni Nairobi.

"Anasema ukweli?" Wangui aliuliza kwenye simu.

Owuor alikohoa. "Mama Shiru, kwa hilo ako sawa. Nilijua kuna hiyo njia ya tribunal. Niliona jopo la Nairobi litachelewa kutusikiza, nikasema tujaribu hapa kwanza."

"Ulijua?"

"Nilijua. Ni makosa yangu."

"Wakili, ningekuwa najua hivyo ningejipeleka mwenyewe kwa punda!" Akakata simu. Usiku kucha aligeuka kitandani, akimlaani Jamleck, akimlaani Kosgei, na kwa zamu yake akimlaani Owuor, ambaye angalau alikuwa na adabu ya kukiri.

Jumatano asubuhi ukungu ulikuwa umelala juu ya paa la mahakama, na kila aliyefungua mdomo alitoa moshi. Jamleck alikuja na nusu ya kamati yake, amevaa koti la kijivu. Alimpita Wangui kwenye korido kama anayepita kigogo.

Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ndogo na miwani iliyofungwa kamba. Alisema pingamizi litasikizwa kwanza, kwa kuwa mahakama isiyo na mamlaka haiwezi kupiga hata hatua moja zaidi. Inaweka vifaa vyake vya kazi chini.

Kosgei alisimama. Alizungumza vizuri, shetani yule. Mzozo huu ni wa shughuli za ushirika. Uko kati ya mwanachama na chama chake. Sheria inasema mzozo wa aina hiyo utapelekwa kwenye jopo, haikusema unaweza kupelekwa. Wahusika hawawezi kuipa korti mamlaka ambayo sheria haikuipa, hata wakikubaliana. Aliomba kesi iondolewe na amri ya muda ifutwe leo hii, maana wanachama wanangoja mkutano wao.

Wangui aliinuka kwenye benchi. Kati ya mwanachama na chama chake! Alimvuta Owuor mkono wa koti.

"Umemsikia? Juzi mimi si mwanachama, leo mimi ni mwanachama?"

"Nimemsikia," Owuor alinong'ona. Na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne alikuwa anatabasamu. "Keti, mama. Tafadhali keti."

Aliposimama hakubishana kuhusu jopo. "Mheshimiwa, pingamizi la awali husimama juu ya sheria peke yake, na juu ya mambo ambayo hayabishaniwi. Likihitaji ushahidi, si pingamizi tena. Mwenzangu anasema mteja wangu ni mwanachama, kwa hivyo aende kwa jopo. Lakini mteja wake ameapa, aya ya nne, kwamba mama huyu hajawahi kuwa mwanachama. Ikiwa hilo linabishaniwa, lazima tuite mashahidi, tulete register, na pingamizi lianguke leo. Achague moja."

Hakimu alifungua faili, akaitafuta aya ya nne, akaisoma polepole. Kisha akavua miwani.

"Bwana Kosgei, huyu mama ni mwanachama au si mwanachama?"

"Mheshimiwa, kwa ajili ya hoja ya leo pekee, tunachukulia yale aliyosema yeye mwenyewe kwenye..."

"Sikuuliza mnachukulia nini. Kiapo ni cha mteja wako, na kiko hapa mbele yangu. Mkikishikilia, hili ni jambo la ushahidi, nitatenga siku ya kusikiza mwezi ujao, na amri ya muda itaendelea. Mkikiondoa, nitaamua pingamizi leo. Zungumza na mteja wako."

Mwezi ujao! Wangui aliuona uso wa Jamleck ukibadilika. Ijumaa ndiyo iliyokuwa machoni pake, Ijumaa na sahihi za miaka thelathini. Kosgei aliinama akamnong'oneza kwa muda, akitikisa kichwa, kama anayemwonya mtu asivuke mto. Jamleck hakumsikiza. Alipunga mkono, na kwa pupa yake akasahau kwamba kuta za korti zina masikio.

"Kubali, lawyer! Kubali tu! Ni member, sawa, ni member! Tuondoke hapa!"

Kosgei alisimama tena, safari hii bila madaha. "Mheshimiwa, tunaondoa aya ya nne. Upande wa ushirika unakubali kwamba mlalamikaji ni mwanachama."

"Nambari?" hakimu aliuliza, kalamu mkononi.

Kosgei hakuijua. Aliyeijua alikuwa Jamleck, na ilimbidi aitamke mwenyewe. "Mia moja kumi na nane."

Hakimu aliandika.

Uamuzi ulisomwa baada ya chakula cha mchana, kurasa mbili tu. Mahakama imezingatia kwamba ushirika umekubali mlalamikaji ni mwanachama nambari 118. Kwa kuwa hilo halibishaniwi, mzozo ni wa jopo, na pingamizi limefaulu. Kesi imeondolewa, bila kuzuia mlalamikaji kwenda panapostahili. Amri ya muda imefutwa. Kila upande ubebe gharama zake.

Kamati ilisalimiana kwa mikono. Jamleck alicheka kicheko chake cha harusini kutoka mlangoni mpaka kwenye gari.

Wangui alibaki kwenye benchi. "Kwa hivyo nimeshindwa."

"Umeshindwa kesi," Owuor alisema. "Ya jopo nitaipeleka kesho, na siku hizi faili huingia kwa mtandao, hata Nairobi siendi. Lakini wewe ngojea copy iliyo na muhuri wa korti. Mama, kusoma unaweza kusoma kwa sauti?"

Alimtazama. Kisha akaelewa. Hasira haikuondoka, la hasha, ila ilipata kazi ya kufanya.

Ijumaa ukumbi wa kanisa ulijaa. Mlangoni Micah alikuwa na register, akiita nambari na kuweka alama. Wangui alipofika mbele, kijasho kilimtoka Micah licha ya baridi.

"Mathe, unajua mambo ni ya ofisi..."

"Najua. Ofisi ndiyo iliyosema haya." Akageukia ukumbi, akainua karatasi yenye muhuri, akasoma kwa ile sauti ya kuitia ng'ombe iliyovuka bonde miaka kumi na tisa. Alisoma pale pa ushirika kukubali. Alisoma nambari. Kisha akairudia, kwa wale wa nyuma.

Jamleck aliruka kutoka mezani. "Hiyo kesi alishindwa! Ilitupwa! Tulishinda sisi!"

"Mlishinda mkisema nini?" aliuliza mzee mmoja wa mstari wa mbele, nambari 40, ambaye kwa kawaida hulala mikutanoni.

Afisa wa ushirika wa kaunti, aliyekuja kusimamia mkutano, aliomba karatasi ile. Aliisoma yote, akageuza akaangalia muhuri. "Mwenyekiti, kama si mwanachama, basi pingamizi lenu lilikuwa uongo mbele ya hakimu. Kama ni mwanachama, mpe nafasi. Ni lipi?"

Hakuna aliyepiga makofi. Watu walikuwa wanamtazama Jamleck, na wengine walianza kuhesabu kichwani ni nambari ya nani itafutwa baada ya 118.

"Aingie," Jamleck alisema mwishowe, akiangalia dari.

Micah alishika kalamu. Mstari aliokuwa amepigishwa juu ya jina lile bado ulikuwepo, mwekundu, umenyooka kwa rula. Akaandika jina upya chini kabisa ya ukurasa, akapaza sauti kuliko ilivyohitajika.

"Mia moja kumi na nane!"

"Nipo," alisema Wangui. Hakuketi. Alitembea mpaka katikati ya ukumbi, akamtazama mwenyekiti na ile kampuni ya shemeji yake iliyokuwa imeandikwa kwenye ajenda, mstari wa tatu.

"Niliuliza swali mwezi wa Machi," alisema. "Nikaambiwa jibu liko hapa."