Mende Katika Sikio la Mwoka Mikate

Wagonjwa walimwita Mama Masikio, na kwa miaka kumi na tisa jina hilo halikuwa na mshindani. Mtu akiingiwa na shanga, punje ya mahindi, au mdudu aliyepotea njia, hakuuliza muuguzi wa zamu ni nani. Alikaa kwenye benchi la zahanati, akainamisha kichwa upande, akasema anamsubiri Mama Masikio. Hata mganga mkuu wa pale alikuwa akimpisha. Naye alijua kupishwa kulivyo na utamu wake.

Kisha akaletwa yule binti.

Alikuwa ametoka chuo cha uuguzi juzi tu, mwembamba, sauti yake ndogo kama anayeomba radhi kabla ya kukosa. Siku ya kwanza Mama Masikio alimwonea huruma. Alimwonyesha kabati la vibano, akamwonyesha taa ya kichwani na namna ya kuifunga isiteleze, akampa hata kiti kile kisichoyumba. Wiki ya pili huruma ikaisha. Mama Masikio alikuwa amekwenda kula mchana, akarudi akakuta mama mmoja kambeba mtoto wake huku anacheka na machozi hayajakauka. Mtoto alikuwa amejitia haragwe sikioni. Jirani alitaka kulisukuma nje kwa maji, na binti akamkataza, akasema haragwe likinywa maji linavimba na kubana zaidi. Alimtuliza mtoto, akapitisha ndoano ndogo nyuma ya haragwe, akalivuta. Mtoto hakulia hata mara moja.

"Huyu ana mkono wa pamba," yule mama alisema, na maneno hayo yakamchoma Mama Masikio kama tone la mafuta ya moto. Zamani yalikuwa yake. Aliyapata mwaka wa tatu wa kazi, kutoka kwa mzee fundi saa, na hakuwahi kufikiri kwamba sifa ni kama koti, kwamba mtu mwingine anaweza kuivaa ungali hai.

Tangu hapo alianza kuhesabu. Leo wangapi wamemuuliza binti? Leo mganga mkuu amemwita nani kwanza? Alipoulizwa nyumbani ana nini, alimwambia mumewe kwamba miguu inamuuma. Mumewe akamkanda miguu. Haikusaidia, kwa kuwa haikuwa miguu.

Asubuhi ya siku tunayoisimulia, walifika watu wawili kutoka kiwanda cha mikate cha barabara ya nyuma. Wa kwanza alikuwa mwoka mikate mwenyewe, jitu la mtu, mikono imejaa unga hadi viwikoni, kajishika sikio la kushoto na kuzungukazunguka mlangoni kama kuku aliyekanyagwa. Wa pili alikuwa msimamizi wake, mtu wa kalamu mfukoni, aliyemfuata ili aone kama mfanyakazi wake atarudi tanurini kabla ya saa sita.

Mende mdogo alikuwa amemwingia akiwa amelala juu ya magunia wakati unga ukiumuka. Mwoka mikate alisema anamsikia akikwaruza, kwamba ni kama mtu anafungua mzigo wa karatasi ndani ya ubongo wake. Mwenzake alikuwa amejaribu kumtoa kwa njiti ya kiberiti.

"Njiti," alisema Mama Masikio. "Mlitaka kumtoa au kumsindikiza?"

Mtu akicheka huku ana mende sikioni, kicheko huishia njiani. Mwoka mikate alikaa. Binti alikuwa tayari amefunga taa kichwani, na mgonjwa, bila kufikiri, alimgeuzia yeye lile sikio. Mama Masikio aliliona hilo. Alirudi nyuma, akaegemea kabati, akakunja mikono.

Binti alifanya kila kitu kama alivyofundishwa, na hilo ndilo lililouma. Alilivuta sikio juu na nyuma taratibu ili njia inyooke, akachungulia kwa kifaa chake. Akasema anamwona mende, mzima, miguu inacheza, amegeuza mgongo, na nyuma yake hakuonekani kitu. Alieleza kwamba mdudu akiwa hai hawamkimbilii na kibano, maana huenda akazidi kuingia. Humzamisha kwanza kwa mafuta ya kupikia yaliyo vuguvugu. Akifa anatulia, na pengine anaelea nje mwenyewe. Alipasha mafuta kwa kuiweka chupa kwenye bakuli la maji ya moto, akajaribu tone ndani ya kifundo cha mkono wake. Halafu akauliza swali linalopaswa kuulizwa.

"Kaka, sikio hili limewahi kuugua? Limewahi kutoka usaha? Umewahi kuambiwa ngoma yake ya ndani ina tundu?"

Mwoka mikate alimtazama msimamizi aliyesimama mlangoni.

"Hapana," alisema. "Sikio langu zima. Mwaga tu, dada yangu."

Mama Masikio alijua kwamba si zima. Mwaka uliopita mtu huyuhuyu alikuja peke yake, sikio hilohilo likitoka usaha, na yeye ndiye aliyelisafisha majuma matatu. Usaha ulikauka, tundu likabaki. Wakati ule mwoka mikate alimsihi asiandike kitu kwenye kadi. Kiwandani, mtu anayetoka usaha popote pale haruhusiwi kugusa unga, na msimamizi husoma kadi. Mama Masikio akamwonea huruma. Hakuandika. Tena, tukisema kweli, alipenda kuwa na siri kama hizo. Kadi inaweza kusomwa na yeyote, lakini kilichomo kichwani mwake kilimlazimu kila mtu kuja kwake.

Sasa binti alikuwa anaisoma kadi hiyo, na kadi ilikuwa safi.

Mafuta yakipita kwenye tundu lile yangeingia ndani ya sikio, nyuma ya ngoma. Yangemletea maumivu na kizunguzungu, na usaha ungeweza kurudi. Mama Masikio alilijua hili kama anavyojua njia ya kwenda kwake. Alifungua mdomo, kisha akaufunga. Siri si yangu, alijiambia. Msimamizi yupo pale. Ilikuwa sababu nzuri, sababu ya heshima kabisa, na chini yake palikuwa na nyingine iliyojikunyata: mwache. Mwache akosee mara moja tu. Kesho wataniuliza mimi.

Binti alimlaza mgonjwa kwa ubavu, sikio bovu juu. Alivuta mafuta kwa bomba lisilo na sindano. Aliinua macho, akamtazama Mama Masikio kidogo, kama mtu anayetazama saa ukutani. Kisha akashusha mkono.

Mgonjwa alikuwa ameshikilia ukingo wa kitanda, na unga wa vidole vyake ulikuwa umeacha alama tano nyeupe kwenye mpira mweusi.

"Acha," alisema Mama Masikio.

Ncha ya bomba ilikuwa imeshafika mlangoni mwa sikio. Tone lilikuwa limejikusanya, halijaanguka. Binti aliondoa mkono mara moja bila kuuliza.

Mama Masikio alimgeukia msimamizi, akamwambia kwa adabu kwamba chumba hiki ni cha matibabu, na nje kuna benchi lenye kivuli. Msimamizi alinung'unika kuhusu mikate. Akaambiwa mikate haina mende. Mlango ulipofungwa, aliinama kwa mgonjwa.

"Mwanangu, unamficha bosi wako, sawa. Lakini sisi ukitudanganya tutakuumiza. Mwambie mwenzangu."

Mwoka mikate akasema. Alisema haraka, uso kwenye mto, kama mtoto aliyevunja chungu. Binti aliweka bomba chini kwenye sinia.

Basi mafuta hayakufaa, wala maji. Ilibaki kumtoa mende kwa macho na kibano, na ikiwa yuko ndani mno, kumpeleka mgonjwa hospitali kwa daktari wa masikio. Mama Masikio alivaa taa. Alichukua kibano kile kirefu chenye mdomo kama wa ndege, akainama. Alichoona kilikuwa ukungu. Tangu mwaka jana vitu vya karibu vilikuwa vinamponyoka namna hiyo. Alisogeza kichwa, akarudisha, ukungu haukuondoka. Kazi hii haitaki kubahatisha. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu alijua akiinuka atakuwa amempa mwingine nini.

Aliinuka. Alivua taa, akampa binti.

"Mimi nitamshika kichwa," alisema. "Wewe unaona?"

"Naona, mama. Yuko karibu. Mgongo wake uko nje."

"Usimfuate miguu, itakatika. Subiri atulie, umbane mwilini. Mkono wako uulaze kwenye shavu lake, akishtuka mwende pamoja."

Alikibana kichwa cha lile jitu kifuani mwake, akalivuta sikio juu na nyuma. Akamwambia mgonjwa ahesabu mikate ya asubuhi ile kimoyomoyo, trei moja moja. Binti alisubiri. Mama Masikio hakuwahi kumwona mtu wa umri ule akisubiri vizuri namna hiyo, na hata pale, kichwa cha mtu kikiwa mikononi mwake, wivu ulimpitia. Kisha kibano kikaingia, kikafunga, kikatoka na mende anayepiga mateke hewani.

Binti alichungulia tena. Mguu mmoja ulikuwa umebaki, akaurudia, akautoa. Akachungulia mara ya tatu. Palikuwa na mkwaruzo wa njiti, na ndani zaidi, ambapo mende alikuwa amepaziba, tundu lile la zamani, kavu.

Mwoka mikate aliketi, akasikiliza kimya cha sikio lake, akalia waziwazi. Alimshika binti mikono yote miwili, akamwita mkono wa pamba. Walimwandikia barua ya kumwona daktari wa masikio. Walimwambia sikio lisiingie maji. Akioga aweke pamba iliyopakwa mafuta ya mgando mlangoni, wala asimruhusu mtu kumtia kitu ndani, hata awe ni mtu anayempenda. Alitoka akimshukuru binti hadi kwenye ngazi.

Walibaki wawili, wanaosha vyombo.

"Ni wewe uliyemwokoa," binti alisema. "Nilitaka kumwambia hivyo, lakini hakuacha kunishukuru."

Mama Masikio alisugua kibano ambacho kilikuwa kimeshatakata.

"Nilikutazama kabla sijamwaga," binti aliendelea, sauti yake ndogo. "Ulikuwa umenyamaza. Nikajua niko sawa. Nikiona umenyamaza, huwa najua niko sawa."

Angeweza kusema habari ya msimamizi. Sababu ile ya heshima ilikuwa bado ipo, imesimama mlangoni inasubiri kuitwa.

"Nilinyamaza kwa sababu nilitaka ukosee," alisema Mama Masikio.

Maji yalitiririka. Binti hakuinua uso. Aliosha sinia upande mmoja, akaligeuza, akaosha upande wa pili, na masikio yake yakabadilika rangi.

"Mimi niliona wivu ulipomzuia," alisema mwishowe. "Jinsi ulivyojua bila kuangalia popote. Nikasema sitajua hivyo kamwe."

Mama Masikio alimtazama. Nje, mtu alikuwa anagonga mlango na kuuliza kama yule wa mkono wa pamba yupo. Ule mchomo ukaja uleule, pale pale, haukupungua hata kidogo. Alijikausha mikono kwenye aproni.

"Yupo," aliitikia. "Ingia. Tupo wawili."