Mstari Uliopita Sifuri

Mwaka 1986, katika chuo cha ualimu wa sayansi mjini Kigali, ripoti ya Zaituni Mukagasana ilibandikwa ukutani mwa maabara. Sadi Niyonzima aliisoma mara tatu. Wote wawili walikulia Biryogo, mtaa mmoja, na hadi mwaka ule Sadi ndiye aliyesifiwa kuwa ana akili. Sasa hata wazee waliotoka msikitini walimuuliza habari za Zaituni, binti wa fundi cherehani.

Jaribio lilikuwa moja kwa wote. Mwanga wa taa ulipita polaroidi ya kwanza, kichujio cha mwanga, kisha ya pili iliyozungushwa, ndipo ukaangukia fotodiodi, kifaa kinachogeuza mwanga kuwa umeme. Mkondo wa fotodiodi ulipaswa kufuata mraba wa kosaini ya pembe kati ya polaroidi hizo. Nukta za Zaituni zilikaa kwenye mstari mnyoofu uliopita sifuri. Za Sadi zilitawanyika: nyuzi thelathini upande mmoja alipata mikroampia 71, upande wa pili 56, na kwenye tisini, palipotakiwa giza, mita ilisoma 5.

Wivu ulimkaba. Alimwendea mwalimu Habimana akamwambia kuwa katika maabara ile sifuri haipatikani. Namba za Zaituni, alisema, zilitoka kwenye hesabu, si kwenye mita.

Mwalimu aliwaita wote wawili, akamtaka Zaituni arudie. Zaituni hakuuliza nani kamsema. Alizungusha polaroidi polepole hadi sindano ikashuka chini kabisa. Kipimo cha pembe kilisoma nyuzi 96.

"Alama ya nyuzi imekaa vibaya," alisema. "Tisini ya kweli iko hapa."

Sindano ilikuwa kwenye 4. Sadi nusura atabasamu.

"Na sifuri yako iko wapi?" mwalimu aliuliza.

Zaituni akaziba taa kwa kipande cha kadibodi. Sindano haikusogea.

"Hiyo nne ni ya mwanga wa dirisha, si ya taa. Naitoa kwenye kila kipimo. Niliandika ukurasa wa pili."

Sadi hakuwahi kufunua ukurasa wa pili. Mwalimu alimtazama kidogo, akamwambia aandike ripoti yake upya.

Nje, Sadi alikiri kwamba ndiye aliyemshtaki. Zaituni alisema alijua.

"Ungeniuliza tu, ningekuonyesha."

Jibu hilo lilimchoma kuliko tusi. Wiki iliyofuata alipima upya, kila baada ya nyuzi tano, akahesabu pembe kuanzia alama sahihi na kutoa nne kila mara. Nukta zikakaa kwenye mstari. Zaituni aliomba kuiona grafu, akaipitia, kisha akasema ilikuwa nzuri kuliko yake kwa kuwa alipima pembe nyingi zaidi.

Sadi alishukuru. Hakujua kama Zaituni alisema kweli au alimhurumia. Jioni ile alipita barabara nyingine kwenda nyumbani, ili wasiongozane.