Watoto Mia Mbili Kamili

Barua ilifika kutoka Busia asubuhi. Kituo cha lishe cha Chakol, vitanda sita na sufuria moja ya uji, kingefungwa mwezi ujao. Sababu iliambatishwa: utafiti uliochapishwa mwaka huo, 1977, kurasa tano, ukidai kwamba watoto wa Chakol waliokonda wamepungua hadi wanne kwa mia, na kilichowaponya ni masomo ya lishe.

Muuguzi Anyait alikuwa amechoka hata hasira hana. Jina lake lilikuwa ukurasa wa mwisho, kwenye shukrani. Ndiye aliyewapima wale watoto.

"Tuusome kama wachoyo, Sista," alisema Egwang, tabibu wa zahanati. "Tusikubali kitu bure. Kipimo kiko sawa: mkono chini ya sentimita kumi na mbili na nusu, mtoto amekonda. Mara zote mbili walitumia hiyo. Lakini mara ya kwanza ni Mei, ghala ni tupu. Ya pili ni Septemba, watu wamevuna. Na hawakupima mahali pengine penye hakuna masomo. Sasa watajuaje ni masomo na si mtama?"

"Basi hiyo inatosha," Anyait aliomba.

"Haitoshi. Watasema, iwe masomo iwe mtama, watoto si wamepona? Kituo cha nini? Majina ya watoto wa kupimwa yalitolewa kwa kura vijiji vyote, hapo wako na nguvu." Kidole chake kikasimama kwenye jedwali. "Ngoja. Waliochaguliwa mia mbili. Waliopimwa mia mbili. Hakuna hata mmoja alikosa? Hapa hata misa ya Krismasi watu hawatimii!"

Anyait alitazama miguu yake. Alikumbuka Septemba ile: wiki tatu za matope, viatu vimepasuka, na mkubwa wa utafiti anataka idadi kamili. Mwenye kiu hachagui kisima, naye hakuchagua. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Thelathini na wanane sikuwapata," alisema. "Nilijaza na watoto wa sokoni."

Egwang hakumkemea. Aliuliza tu, "Hao walikosa kwa nini?"

Anyait akafungua kabati, akatoa orodha yake ya zamani, na kwa mara ya kwanza akaisoma alivyopaswa kuisoma siku ile. Amelazwa. Amepelekwa kwa nyanya, mama hana chakula. Amelazwa. Wazima walitembea hadi sokoni, wakaingia kitabuni. Wagonjwa walibaki nje.

"Ukiandika hii, Sista, watakufuta."

"Najua."

Jina la tatu lilikuwa Omoding, wa ng'ambo ya mto. Anyait aliingia wodi ya kituo na tepu ya kupimia mkono, akaenda kitanda cha pili. Omoding yuleyule, sasa miaka mitatu, aliacha kijiko akamnyooshea mkono bila kuambiwa.

Sentimita kumi na moja na nusu.

Alirudi mezani, akavuta karatasi, akaanza na jina lake mwenyewe.