Benchi la Jumanne

Mzee Anania anauza dawa za mitishamba sokoni Mwanjelwa. Chupa zake zina rangi ya chai iliyosahaulika jikoni, na kwa maelezo yake zinashusha presha ya mtu yeyote. Ya kwake alikuwa akiishusha kwa vidonge vya kituo cha afya, kimyakimya, kwa miaka kadhaa. Dawa yake mwenyewe hanywi. Anasema ni chungu.

Halafu akaacha kuja kituoni. Kliniki tatu za Jumanne zikapita.

“Mwandikie atapooza,” alisema Shedrack, tabibu wa kituo. “Mtu mzima akitishwa anakuja.”

“Si tulishamwandikia afike bila kukosa?” nesi Tumpe aliuliza. “Alifika?”

Shedrack akaanza kutafuta kalamu aliyokuwa ameishika.

Tumpe akaandika upya. Ugonjwa hakuutaja, maana simu ya mtu nyumbani inasomwa na yeyote:

“Shikamoo mzee Anania. Ni Tumpe wa kituo cha afya. Hatujakuona muda, tukaona tukujulie hali. Kama kuna kinachokuzuia kuja, niambie tupange pamoja. Hakuna atakayekugombeza. Ukijisikia vibaya usisubiri siku yako, njoo tu.”

Jibu likaja upesi: “Marahaba mwanangu. Vidonge vimeisha, kichwa kinauma. Ila Jumanne benchi lenu limejaa wateja wangu. Wakiniona hapo nitamuuzia nani?”

Tumpe akampigia papo hapo. Kifua kinabana? Macho yanaona vizuri? Mkono au mguu umelegea? Mzee akasema ni kichwa tu.

“Basi njoo sasa hivi. Leo Alhamisi, siyo siku ya kliniki. Ulete na dawa zote unazotumia.”

“Hata za chupa?”

“Kwani unazitumia?”

“Mimi? Hapana.”

Akaja, kofia imefika kwenye nyusi. Benchini alikuwepo mtu mmoja tu: Atuganile, yule mama anayesimama kila Jumamosi kwenye meza ya mzee kuwashuhudia wapita njia kwamba chupa mbili zilimponya presha, vidonge akatupa. Na yeye aliomba Alhamisi, asionekane. Tumpe alilijua hilo, lakini siri ya mgonjwa haitolewi hata kwa daktari wake wa mitishamba.

“Atuganile, wewe si ulipona?”

“Nilipona, mzee. Nimekuja kuhakikisha. Na wewe?”

“Napita tu.”

Tumpe akawaomba wakae kimya dakika tano, kwa sababu maongezi hupandisha presha kabla ya kipimo. Wagonjwa hawajawahi kutii agizo kwa furaha namna ile.

Ya mzee ilisoma 174 kwa 102. Akapimwa tena, ikabaki huko huko. Shedrack akamwanzishia tena vidonge vyake, akamtaka arudi baada ya wiki mbili.

“Nikuandikie Alhamisi tena?” Tumpe akauliza.

Mzee akachungulia benchini, Atuganile bado yupo.

“Niandikie Jumanne tu, mwanangu. Alhamisi nayo imejaa.”