Damu ya Kitanda cha Mlangoni

Katika hospitali yetu hakuna mgonjwa aliyewahi kudhurika na damu. Wagonjwa wetu huchangamka tu. Neno hilo alituletea Mkurugenzi, ambaye kabla ya kukabidhiwa maisha ya watu alikuwa akiendesha hoteli, na hotelini, alituambia kwenye kikao cha kwanza, mgeni halalamiki, mgeni ana maoni. Tangu hapo mgonjwa akitetemeka baada ya kuwekewa damu, amechangamka. Akiwashwa mwili mzima, amechangamka. Na kwenye ukuta wa wodi ya wanawake kukawekwa ubao wa kung'aa unaotangaza kwamba wodi hii haijapata kuona madhara ya damu. Mimi ni nesi wa wodi hiyo, na kila nikipita pale meno yalikuwa yananiuma.

Fundi cherehani alichangamka. Alikuwa amejifungua na damu yake ikakataa kuganda, kwa hiyo hakupewa damu nzima, alipewa plazma, yale maji ya manjano yanayobaki chembe zikitolewa. Mara akaanza kujikuna shingo. Nikamfunua nguo: vipele vimetuna kifua kizima kama aliyelalia upupu. Nikafunga dripu. Homa hana, presha nzuri, midomo haikuvimba, kifua nilipokisikiliza hakipigi mluzi. Huo ni mzio. Mwili umekutana na protini za mtu mwingine na umechukia. Nikamchoma Piritoni, vipele vikanywea, daktari akaruhusu plazma iendelee polepole huku nimemkalia jicho. Angeanza kukoroma kifuani au uso kuvimba, hapo ingekuwa adrenalini mara moja, na mfuko ule asingeuona tena.

Mwalimu naye alichangamka. Yeye alikuwa anaongezwa chembe nyekundu, mfuko unakaribia kuisha, akashikwa na baridi mpaka kitanda kinagonga ukuta. Joto limepanda. Nikafunga dripu, nikalinganisha jina lake na la mfuko, nikamuuliza mgongo unauma? Hauumi. Mkojo? Wa kawaida. Presha imetulia. Daktari akaagiza damu mpya ichukuliwe, maabara wakaizungusha kwenye mashine, maji ya juu yakatoka ya manjano, safi, na mfuko wenyewe haukuota vijidudu. Basi ilikuwa homa tu, fujo za mabaki ya chembe nyeupe za aliyechangia, na Panadol ilitosha. Lakini sikilizeni neno hilo "tu". Hulisemi mpaka umehakikisha kwamba siyo ule ubaya wenyewe, kwa sababu ubaya nao mara nyingi huanza kwa homa.

Metroni, mkubwa wetu wa wauguzi, aliona wachangamfu wamezidi na ugeni unakuja. Akabuni dawa ya wodi nzima. Kila anayewekewa damu, awe na historia ya mzio asiwe nayo, kwanza apigwe Piritoni na haidrokotisoni za kuzima mzio, na Panadol ya kuzima homa, kwa pamoja. Akaiita sindano ya amani.

"Metroni," nilimwambia, "hapo tunaziba mdomo wa mlinzi. Mwizi akija nani atapiga kelele?"

"Mwizi gani, dada? Wewe kila siku unaota mabaya. Funika kombe mwanaharamu apite. Wageni wakiondoka utawakuna wagonjwa wako."

Wageni wenyewe walikuwa wakubwa wa kutoka wizarani na wafadhili wao, wanakuja kuona wodi isiyopata madhara. Kwa heshima yao Mkurugenzi aliwavalisha kila mmoja bangili ya plastiki mkononi, nyeupe, imeandikwa jina vizuri. Zilikuwa bangili zetu za wagonjwa. Tulikuwa tumeambiwa zimeisha stoo, na kwa muda wote huo tulikuwa tunawatambua wagonjwa kwa vitanda: wa dirishani, wa kati, wa mlangoni.

Sasa kitanda cha mlangoni ndicho mgeni anachokiona kwanza. Pale alikuwa amelala muuza mitumba, mwanamke wa watu, ana uvimbe kwenye kizazi uliomkausha damu, na akilala anakoroma kama mashine ya kusaga. Mkurugenzi alimtazama akakunja uso. Akaamuru apelekwe kona ya mwisho, na kutoka kona hiyo aletwe mahali pake mama mkwe wa Mkurugenzi mwenyewe, bibi mrefu, msafi, mwenye sauti ya kutuliza kikao. Bibi huyu alikuwa amelazwa kwa vidonda vya tumbo vilivyokuwa vikivuja. Naye, kama muuza mitumba, alikuwa akingoja damu.

"Huyu ni mama yangu," Mkurugenzi alisema. "Atawaeleza wageni tunavyomhudumia."

Mimi nikatumwa kugawa soda. Nesi mwenye cheti, na nimebeba sinia! Niliporudi wodini na msafara mzima nyuma yangu, nilikuta Metroni ameshatundika damu kwa mama mkwe, na dripu inashuka. Sindano ya amani alikuwa ameshampa. Mkurugenzi alikuwa anaeleza jinsi tunavyoigawa damu ili mtu mmoja aliyechangia asaidie watatu: chembe nyekundu kwa aliyepungukiwa damu, plazma kwa anayevuja bila kuganda, na zile chembe ndogo za kuzibia vidonda kwa mwingine. Alieleza vizuri. Alikuwa amekariri.

"Na huyu mama yangu anaendeleaje?" akamgeukia.

"Mkono unawaka moto," mama mkwe akasema. "Hapa inapoingilia."

"Amechangamka," Metroni akawaambia wageni, anacheka.

"Kifua kinabana. Na kiuno... jamani, kiuno changu kinakatika. Mwanangu, mimi nakufa."

Wageni wakatabasamu kwa adabu. Mkurugenzi akasema wazee hupenda kudekezwa. Mimi nilimwangalia yule mama usoni, na sitausahau ule uso: jasho jembamba juu ya mdomo, macho yametoka yanamtafuta mtu. Nikamshika mkono kupima mapigo, yalikuwa yanakimbia. Ngozi haikuwa na kipele hata kimoja. Kifua hakikuwa na mluzi. Homa haikuwepo, na Metroni alikuwa ananionyesha kwa jicho kipimajoto kama ushahidi wa kumwachia mshtakiwa huru. Ingekuwepo vipi wakati tumeimezesha Panadol kabla haijazaliwa? Maumivu ya kiuno hakuyaficha mtu. Hofu ya kufa nayo haina sindano.

Nikafunga dripu.

"Sista!" Mkurugenzi alinong'ona huku meno yakiendelea kuwatabasamia wageni. "Sista, fungua hiyo kitu. Unaniaibisha."

"Sifungui."

"Nitakufukuza kazi leo hii."

"Nifukuze baada ya kumwokoa mama yako."

Nina watoto, na kazi haziokotwi barabarani. Lakini mikono ilikuwa imeshaanza: nikautoa mfuko na mpira wake wote, nisimsukumie hata tone lililobaki ndani, nikaunga mpira mpya na maji ya chumvi ili mshipa usipotee. Presha ilikuwa imeshuka. Nikapaza sauti kumwita daktari wa zamu, kisha nikaugeuza mfuko nisome kibandiko.

Lilikuwa jina la muuza mitumba, pamoja na kundi lake la damu, A. Faili la mama mkwe lilisema O. Metroni alikuwa ametundika damu ya kitanda cha mlangoni kwenye kitanda cha mlangoni, na kwa hesabu yake hakukosea.

"Wa kona!" nilipiga kelele. "Msimwekee kitu wa kona!"

Mfuko wa mama mkwe ulikuwa bado kwenye toroli kando ya kitanda cha kona, unangoja. Muuza mitumba alizinduka usingizini, akauliza kama chakula kimefika.

Daktari wa zamu alifika mbio, kijana mkimya asiye na maneno ya hotelini. Alisikia "kiuno", akasoma kibandiko, hakuuliza la pili. Maji yakaongezwa mshipani, oksijeni ikaletwa, mpira wa mkojo ukawekwa. Mkojo ulioteremka kwenye mfuko ulikuwa mwekundu wa giza, rangi ya chai ya rozela iliyokolea. Mgeni mmoja aliuliza ile ni nini.

"Ni chembe nyekundu alizopewa," daktari akasema. "Damu yake ina askari wa kuipinga A. Wamezipasua chembe ndani ya mishipa, na rangi yake inapitia kwenye figo. Tunapambana figo zisizibe."

"Kwa hiyo si homa?"

"Homa na mzio huwa naomba nivikute. Hiki huwa naomba nisikikute."

Damu mpya ilipochukuliwa na kuzungushwa maabara, yale maji ya juu yalikuwa ya waridi. Mwalimu, ambaye yake yalikuwa manjano, aliona tukihangaika akavuta shuka mpaka kidevuni. Mkurugenzi aliwatoa wageni nje akiwaambia kwamba wamebahatika kuona zoezi la dharura. Wallahi, zoezi! Mimi nililia chooni kwa hasira, nikanawa uso nikarudi.

Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini safari hii kifo kilikosa nafasi, maana damu iliyoingia ilikuwa kidogo. Mkojo wa mama mkwe ulianza kukwajuka ukawa wa kahawia, kisha ukarudi rangi yake. Figo ziliokoka. Ila vidonda vya tumbo havikujua habari hizo, viliendelea kuvuja, na ikabidi awekewe damu tena, safari hii ya kwake.

Nilikuja na mfuko, na daktari akaja nami, kwa kuwa damu husomwa na watu wawili kando ya mgonjwa, siyo mezani kwenye soga. Mkurugenzi alikuwa amekaa kwenye kiti, amebeba matunda. Tangu siku ile hakuwa amenifukuza wala kunisalimia.

"Mama," nilisema, "naomba unitajie jina lako lote."

Mama mkwe akafumba macho kidogo. "Muulize huyu. Siku ile aliwaambia watu mimi ni mama yake."

Mkurugenzi akacheka. Hakucheka mwingine. Akautazama mfuko, lakini kibandiko kilikuwa upande wangu.

"Mama, bwana," akasema. "Mkwe hamtaji mama mkwe jina. Ni heshima."

"Hakuna aliyekutuma ukalitangaze sokoni," bibi akasema. "Nauliza unalijua?"

Mkurugenzi alimtazama daktari, akanitazama mimi, na nikaona kwamba mtu huyu aliyeoa binti wa nyumba ile, akala kwao na kulala kwao, alikuwa hajui. Alikuwa anaijua nafasi yake tu: mama wa mke wangu, mama wa mlangoni.

Bibi aliyataja majina yake yote matatu polepole, na mimi na daktari tukayasoma kwenye mfuko, neno kwa neno. Yalilingana. Nikafungua dripu na kubaki pale pale nikimtazama.

"Umeyasikia?" akamwambia mkwewe. "Yashike. Maana ulikuwa umeshaniua, na hukujua umemuua nani."